Bosi aliyefichwa kwenye Bcc

Sehemu ya Bcc katika barua pepe hutumika kwa kazi mbili ambazo hazifanani hata kidogo. Ya kwanza ni kuficha umati: barua moja inakwenda kwa wazazi mia mbili, na hakuna mzazi anayepaswa kuona anwani ya mwenzake. Ya pili ni kumficha mtu mmoja anayesikiliza: afisa anamwandikia mteja, na bosi wake anapata nakala bila mteja kujua. Kazi ya kwanza ni halali ingawa ina mpaka wake. Ya pili ningependa ofisi ziiache kabisa, na si kwa sababu ya adabu tu. Jinsi barua pepe ilivyoundwa, siri hiyo inategemea bosi asikosee kubonyeza, na mara nyingi bosi anasoma kwenye simu akiwa njiani.

Tuchukue mfano wa kubuni, lakini wa aina inayoeleweka kwa yeyote anayefanya kazi kati ya mashamba ya mkonge na bandari ya Tanga. Shamba moja la Korogwe lina marobota 1,200 ya singa yanayotakiwa yafike bandarini kabla ya meli. Robota moja lina kilo 250, kwa hiyo mzigo wote ni tani 300. Msafirishaji ametaja Sh 42,000 kwa tani. Afisa ununuzi anamwandikia kuomba ashuke hadi Sh 35,000, na anaweka nakala kwa mhasibu wa msafirishaji, ambaye ndiye hupanga bei. Kisha, ili meneja wa shamba ajue mazungumzo yamefika wapi, anamweka kwenye Bcc.

Afisa anapobonyeza kutuma, programu yake inazungumza na seva ya barua ya ofisi. Mazungumzo hayo, yakipunguzwa hadi mistari inayotuhusu, yanakuwa hivi:

```
MAIL FROM:<ununuzi@shamba.example>
RCPT TO:<ofisi@malori.example>
RCPT TO:<mhasibu@malori.example>
RCPT TO:<meneja@shamba.example>
DATA
From: ununuzi@shamba.example
To: ofisi@malori.example
Cc: mhasibu@malori.example
Subject: Bei ya kusafirisha marobota
```

Mistari iliyo juu ya neno DATA ni bahasha. Iliyo chini yake ni barua yenyewe. Seva husoma bahasha ili ijue ipeleke wapi, na msomaji huoneshwa barua. Jina la meneja limeandikwa kwenye bahasha peke yake, ndani ya barua halimo. Anayepokea akiwa To au Cc hawezi kumwona hata akifungua chanzo cha ujumbe na kusoma kila mstari, maana katika nakala yake hakuna kitu cha kuonwa. Bcc ni hivyo tu: anwani inayowekwa kwenye bahasha bila kuandikwa kwenye barua. Wala si siri kwa kila mtu. Fundi anayesimamia seva ya ofisi anawaona wapokeaji wote kwenye kumbukumbu zake, na folda ya barua zilizotumwa ya afisa huyo kwa kawaida inahifadhi jina la meneja kwenye Bcc. Akiacha kazi na mwingine akakabidhiwa akaunti ile, ataliona.

Sasa meneja anafungua barua kwenye simu na kuamua kumpa afisa wake maelekezo. Anabonyeza `Reply all`. Programu ya simu haiulizi mtu huyu alifikaje kwenye mazungumzo. Inachukua anwani ya From, au ya Reply-To kama ipo, inaongeza zote za To na Cc, kisha inaondoa ya kwake. Matokeo ni kwamba jibu la meneja linakwenda kwa afisa, kwa ofisi ya msafirishaji na kwa mhasibu wa msafirishaji. Anaandika: “Dada, usikaze sana. Wakishikilia elfu arobaini toa, meli haitusubiri.”

Hapo kuna hasara mbili. Ya fedha inahesabika. Msafirishaji ambaye huenda angeshuka hadi 35,000 sasa anajua kwamba 40,000 inakubalika, tena kwa maandishi ya mwenye uamuzi. Tofauti ya Sh 5,000 kwa tani 300 ni Sh 1,500,000. Hasara ya pili haina namba: msafirishaji amegundua kwamba alipokuwa akijadiliana na afisa, kulikuwa na mtu wa tatu nyuma ya pazia. Ataanza kujiuliza ni barua zipi nyingine zilizosomwa hivyo, na kuanzia leo atapiga simu badala ya kuandika. Shamba litapoteza maandishi ambayo siku ya mgogoro ndiyo yangekuwa ushahidi wake.

Mtu atasema kosa ni la meneja, angebonyeza `Reply`. Kweli. Lakini tazama alichokuwa nacho machoni. Kwenye skrini ndogo, jina la mtumaji na mada vinaonekana. Orodha ya wapokeaji imekunjwa mpaka uiguse. Alama inayoonesha kwamba ulikuwa Bcc, pale inapokuwepo, imo ndani ya mkunjo huohuo. Outlook iliyounganishwa na Exchange, mfumo wa Microsoft wa barua za ofisi, ina onyo linalojitokeza ukitaka kuwajibu wote ilhali ulifichwa, ila onyo hilo haliko katika kila programu, na meneja anayesoma barua za ofisi kwa programu nyingine ya simu anaweza asilione maisha yake yote. Na aliyeweka Bcc hana namna ya kumlazimisha aliyefichwa awe mwangalifu.

Njia ya salama ni fupi. Afisa atume barua kwa msafirishaji kama kawaida bila Bcc yoyote. Kisha afungue folda ya barua zilizotumwa, aisambaze ileile kwa meneja, na juu yake aandike mstari mmoja: “Shikamoo Mzee, hii ndiyo niliyowapelekea leo, nasubiri jibu kabla ya Ijumaa.” Sasa meneja akibonyeza `Reply` au `Reply all`, jibu linarudi kwa afisa peke yake, kwa kuwa barua aliyojibu ina mtumaji mmoja na mpokeaji mmoja. Kubonyeza vibaya hakuna pa kwenda. Inamgharimu afisa sekunde kumi na tano hivi. Kama ni lazima meneja awe ndani ya mazungumzo tangu mwanzo, basi awekwe Cc, aonekane. Mara nyingi hata bei hushuka vizuri zaidi msafirishaji akijua nani anasoma.

Ipo hali moja ambapo Bcc ya mtu mmoja ni ya kiungwana. Mtu amewakutanisha wakala wa forodha na mteja kwa barua, na mteja anamjibu wakala. Katika jibu hilo anaandika “asante kwa kutukutanisha, nakuhamishia Bcc” na kufanya hivyo. Aliyewakutanisha anapata barua hiyo ya mwisho, na zinazofuata hazimfikii, kwa sababu jina lake halimo ndani ya barua ambayo wakala ataijibu. Utaratibu uleule unaomwaibisha meneja hapa unamwondolea mtu kero. Tofauti ni kwamba kila mmoja ameambiwa.

Tuje kwenye umati. Kosa la kawaida hapa limegeuka: watu waliopaswa kuwa Bcc wamewekwa To au Cc. Mfano uliochunguzwa vizuri na kuandikwa hadharani ni wa Wizara ya Ulinzi ya Uingereza. Tarehe 20 Septemba 2021, wiki chache baada ya Taliban kuichukua Kabul, timu iliyokuwa ikishughulikia Waafghani waliofanya kazi na Waingereza ilituma barua kwa watu 245 waliostahili kuhamishwa, anwani zote zikiwa kwenye To. Watu 55 kati yao walikuwa na picha zao ndogo kwenye akaunti, kwa hiyo anwani ikaja na sura. Kisha wawili wakabonyeza kuwajibu wote, na mmoja wao akaeleza mahali alipo. Desemba 2023 msimamizi wa ulinzi wa taarifa wa nchi hiyo, ICO, aliitoza wizara faini ya pauni 350,000.

Hapa makosa mawili yanapandana. Kuweka orodha kwenye To kulifichua anwani. `Reply all` ya mpokeaji ikaongeza jambo ambalo wizara yenyewe haikuliandika popote, yaani mahali mtu alipo. Laiti orodha ingekuwa Bcc, mpokeaji yule angeweza kubonyeza `Reply all` mara kumi na jibu lake lingerudi kwa timu tu. Bcc ya umati huficha anwani na papo hapo hukata mguu wa `Reply all`, kwa kuwa ndani ya barua hakuna wengine wa kujibiwa.

Na usidhani inahitaji vita ili iwe jambo zito. Mwaka 2015 kliniki moja ya London ilituma jarida kwa watu 781 waliokuwa wakipata huduma zake za VVU na magonjwa ya zinaa, anwani zote zikiwa To, na 730 kati ya hizo zilibeba majina kamili ya wenyewe. Barua haikuwa na jina la ugonjwa wa mtu yeyote. Kuwemo kwenye orodha tu kulitosha kusema. Faini ya mwaka 2016 ilikuwa pauni 180,000. Kwetu Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Namba 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na taarifa za afya zinahesabiwa miongoni mwa taarifa nyeti. Orodha ya anwani za wanaohudhuria kliniki ya Tanga mjini ni taarifa ya afya, hata ikiwa barua inasema tu “kesho tutafunga saa sita mchana”.

Ndiyo maana nasema Bcc ya umati nayo ina mpaka. Usalama wake wote umekaa kwenye kisanduku gani kielekezi kilikuwa wakati wa kubandika orodha. Kwenye Gmail ya kompyuta kisanduku cha Bcc hakionekani mpaka ukiite kwa `Ctrl+Shift+B` au kwa kubofya neno `Bcc` mwisho wa mstari wa To. Kwenye programu ya simu kimefichwa nyuma ya kishale kidogo kilicho upande wa kulia wa mstari huo. Kwenye Outlook ya kawaida ya kompyuta kinawashwa kwenye kichupo cha `Options`. Aliye na haraka anabandika anapopaona, na anapopaona ni To.

Kwa tangazo lisilo nyeti, mfano mkutano wa wazazi au ratiba ya vivuko, Bcc inatosha ikiwa mpangilio wa kazi ni huu: andika barua na ambatisha faili kwanza, visanduku vyote vya wapokeaji vikiwa vitupu, maana barua isiyo na mpokeaji haiwezi kuponyoka. Kisha weka anwani ya ofisi yako mwenyewe kwenye To. Ndipo ufungue Bcc na kubandika orodha. Kabla ya kutuma, angalia To na Cc tu: pawe na jina moja, lako. Ukiona majina mawili, simama. Kumbuka pia kwamba akaunti ya bure ya Gmail ina kikomo cha wapokeaji 500 kwa siku, na barua yenye Bcc ndefu huwa rahisi kutupwa kwenye folda ya taka, kwa hiyo orodha ya mamia ya watu tayari inahitaji chombo kingine.

Kwa jambo nyeti, yaani wagonjwa, wadaiwa wa mikopo, waombaji kazi waliokataliwa, wanafunzi wenye ada pungufu, Bcc haitoshi. Agosti 2023 ICO ilizitaka taasisi zinazotuma taarifa nyeti zitumie njia nyingine badala ya kuitegemea. Njia iliyo karibu ni kutuma barua nyingi kwa mkupuo mmoja, kila mtu akipata ya kwake peke yake. Kwa mwenye Word, Excel na Outlook ya kawaida kwenye kompyuta haihitaji kununua kitu kipya. Unaandaa jedwali la Excel lenye safu ya jina na safu ya anwani. Kwenye Word unafungua `Mailings`, unachagua `Start Mail Merge` kisha `E-mail Messages`, unaunganisha jedwali kwa `Select Recipients`, unaweka jina panapotakiwa kwa `Insert Merge Field`, na mwisho unakwenda `Finish & Merge`, `Send Email Messages`. Kwenye kisanduku kinachofunguka unachagua safu yenye anwani na kuandika mada. Jaribu kwanza na jedwali la anwani mbili, zote za ofisini.

Ukiituma hivyo kwa watu 60, zinatoka barua 60, kila moja ikiwa na jina moja kwenye To. Hakuna Cc, hakuna Bcc, na hakuna la kusahau. Mgonjwa akibonyeza `Reply all` na kueleza hali yake, anayesoma ni kliniki. Kuna kosa moja ambalo njia hii hailizuii: safu za jedwali zikisogea, kwa mfano mtu akipanga majina kwa alfabeti bila kuchagua safu ya anwani, basi jina la Fatuma linakwenda kwa anwani ya Rehema. Kagua mistari mitatu ya juu, ya kati na ya mwisho kabla ya kuunganisha.

Wengi wakizungumzia `Reply all` hutaja mafuriko ya seva. Yapo: Oktoba 1997 ndani ya Microsoft, orodha ya watu wapatao 13,000 ilizaa ujumbe milioni 15 kwa saa moja hivi, wengi wao wakiandika “nitoeni kwenye orodha” na kuwapelekea wote. Kampuni hiyo baadaye, Mei 2020, iliweka kinga katika huduma yake ya barua: majibu kumi ya kuwajibu wote, kwa zaidi ya watu 5,000, ndani ya dakika 60, yanafunga mazungumzo kwa saa nne. Ni kinga nzuri kwa seva. Ofisi ya watu 40 Ngamiani, Tanga, haitaifikia kamwe, na meneja wetu wa mkonge aliharibu biashara kwa jibu moja lililokwenda kwa watu watatu.

Kinga inayomsaidia mtu kama yeye, akiwa kwenye kompyuta, ni ya kuchelewesha. Kwenye Gmail ya kompyuta, fungua `Settings`, `See all settings`, kichupo cha `General`. Mstari wa `Undo Send` unakuja na sekunde 5. Weka 30, ambayo ndiyo ya juu. Kwenye `Default reply behavior` hakikisha imewekwa `Reply`. Shuka chini ubonyeze `Save Changes`, la sivyo haijahifadhiwa. Katika sekunde hizo 30 barua haijaondoka, imezuiliwa, na ndiyo maana kuifuta kunafaulu. Outlook ya kawaida inaweza kwenda mbali zaidi: kanuni ya kuchelewesha barua zote zinazotoka, hadi dakika 120. Dakika mbili zinatosha. Makosa ya aina hii mtu huyagundua barua ikiwa bado iko machoni pake.

Kuirudisha barua ambayo imeshafika ni habari nyingine. Amri ya `Recall` ya Outlook hufanya kazi kwa wapokeaji walio katika mfumo uleule wa Exchange wa taasisi moja. Kwa msafirishaji mwenye Gmail haifuti kitu. Anachoweza kupata ni ujumbe mwingine unaomwambia kwamba ungependa kuirudisha ile ya kwanza. Kama alikuwa hajaifungua, sasa ataifungua.

Kilichobaki ni barua ya kuomba radhi, na hapo kosa la pili hutendeka mara nyingi. Mtumaji aliyefichua anwani 60 anafungua barua ileile, anabonyeza `Reply all`, anaandika “samahani, puuzeni barua iliyotangulia”, na kuzitawanya anwani zilezile 60 mara ya pili, safari hii zikiwa juu kabisa kwenye visanduku vya watu wote. Fungua barua mpya tupu. Usinukuu ya kwanza. Itume moja moja. Sema ni taarifa gani imeonekana na nani ameiona, omba ifutwe bila kujibiwa, na toa namba ya simu ya ofisi ili mwenye swali asilazimike kuandika. Wizara ya Uingereza iliwaomba waliofichuliwa wafute barua, wabadilishe anwani zao na kupeleka mpya kupitia fomu salama, si kwa kujibu barua pepe. Kwa msafirishaji wa mkonge hakuna fomu itakayosaidia. Meneja ampigie mwenyewe simu siku hiyohiyo, amwambie kwamba alikuwa akipokea nakala, na kwamba bei wanayoizungumzia sasa ni ile elfu arobaini.